Base, small, turbo au large-v3: Ni modeli ipi ya Whisper ikufae kwenye kompyuta mpakato isiyo na mtandao?

Mtu anayetaka kugeuza sauti kuwa maandishi bila kutegemea mtandao hukwama mapema sana, tena mahali pamoja: programu amekwisha kuisakinisha, lakini mbele yake kuna orodha ya modeli zenye majina yasiyomwambia kitu. Ndogo inamaliza upesi na kukosea sana. Kubwa inakosea kidogo na kuifanya feni ya kompyuta ivume usiku kucha. Makala haya yanalinganisha modeli nne za Whisper, ambayo OpenAI waliitoa kwa umma Septemba 2022, zikiendeshwa kwa programu ya `whisper.cpp` kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa kompyuta ya kawaida nakusudia kama hii ninayoitumia mimi: prosesa ya Intel Core i5 yenye viini vinne, RAM ya GB 8, na haina kadi ya michoro ya kusaidia hesabu.

Kazi ninayoichukua kama mfano ni mahojiano ya dakika 40 na mkulima wa korosho, yaliyorekodiwa kwa simu uani kwake. Anazungumza Kiswahili cha kila siku, kuku wanasikika, na mara moja anaondoka kwenda kutafuta risiti ya mizani huku simu ikiendelea kurekodi. Sauti ya aina hii haipaswi kupelekwa kwenye seva ya mtu mwingine, kwa sababu mkulima ametaja majina na madeni ya watu, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kufanya kazi yote nje ya mtandao.

Vigezo vya kupimia

Nitaitazama kila modeli kwa mambo manne. La kwanza ni muda wa mashine, yaani dakika ngapi za hesabu kwa dakika 40 za sauti. La pili ni makosa, kwa wingi wake na kwa aina yake. La tatu ni RAM inayohitajika. La nne, ambalo watu wengi hulisahau na ambalo kwangu ndilo linaloamua, ni muda wa mtu: saa ngapi utakaa na vipokea sauti masikioni ukisahihisha kilichoandikwa. Kuandika mahojiano hayo mwenyewe, kuanzia neno la kwanza, kunanichukua kama saa nne. Modeli isiyopunguza saa hizo nne kwa kiasi cha maana haijanisaidia, hata kama imemaliza kwa dakika tano.

Kuhusu makosa, kipimo kinachotumika ni rahisi: unahesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha unagawanya kwa idadi ya maneno ya maandishi sahihi. Kwa Kiswahili kipimo hiki kina upungufu mmoja mkubwa. Neno letu moja hubeba nafsi, wakati na ukanushi kwa pamoja, kwa hiyo silabi moja ikisikika vibaya maana yote hupinduka. Mkulima alisema "msimu ule hatukulipwa". Modeli mojawapo ikaandika "msimu ule tukalipwa". Katika hesabu hilo ni kosa la neno moja, sawa na kuandika "gala" badala ya "ghala". Katika ripoti ni uongo mtupu. Kwa sababu hiyo ninahesabu makosa, lakini pia ninasoma ni makosa gani.

Kabla ya kuingia kwenye modeli zenyewe, kuna jambo moja la ndani linaloeleza karibu kila tofauti ya kasi tutakayoiona. Whisper hukata sauti katika mafungu ya sekunde 30. Kila fungu hupita kwanza kwenye sehemu ya kusikiliza, ambayo hulichakata lote kwa mkupuo mmoja, kisha kwenye sehemu ya kuandika, ambayo hutoa maandishi kipande baada ya kipande. Sehemu ya kusikiliza ina gharama isiyobadilika: sauti ya sekunde tatu hujazwa ukimya mpaka zitimie 30, na hesabu yake inakuwa ile ile. Sehemu ya kuandika gharama yake hufuata wingi wa vipande, na hapa Kiswahili kinalipa zaidi kuliko Kiingereza, kwa kuwa msamiati wa vipande vya Whisper umetokana kwa sehemu kubwa na lugha nyingine. Neno kama "hawajatuambia" linakatwa vipande kadhaa, na kila kipande ni mzunguko mmoja mzima wa hesabu.

Base

Hii ina vigezo milioni 74, yaani namba za ndani ambazo modeli hujifunza, faili lake ni kama MB 142, na inahitaji RAM isiyofika nusu GB. Kwenye kompyuta yangu ilimaliza mahojiano yote kwa dakika sita hivi. Kwa kasi hakuna cha kuilaumu.

Kwa Kiswahili, hata hivyo, maandishi yake hayafai kusahihishwa. Sauti za Kiswahili zilizotumika kuifunza Whisper zilikuwa saa chache tu kati ya jumla ya saa 680,000, na modeli ndogo haina nafasi ya kufidia upungufu huo. "Stakabadhi ghalani" ilitoka kama "staka badi galani" mara ya kwanza, na mara ya pili ikatoka kwa namna nyingine kabisa. Nilipojaribu kusahihisha, niligundua kwamba ninafuta sentensi nzima na kuiandika upya, na muda wangu ulikaribia zile saa nne za kuanza mwenyewe. Jambo jema pekee katika makosa yake ni kwamba yanaonekana: hakuna mtu atakayeyadhania kuwa maneno ya mkulima.

Inamfaa nani basi? Inamfaa mtu anayeamuru kompyuta au kusoma barua fupi kwa sauti kwa Kiingereza kilicho wazi, kwa kuwa fungu lake moja linachukua sekunde chache tu. Inamfaa pia anayetafuta mahali katika rekodi ndefu, kwa mfano kujua ni dakika ya ngapi neno la Kiingereza au tarakimu fulani ilitajwa, bila kuhitaji maandishi kamili.

Small, ya asili na iliyofunzwa tena

Small ina vigezo milioni 244, faili la MB 466, na RAM chini ya GB 1. Mahojiano yalichukua takriban dakika 16. Kwa Kiingereza cha mkutano hii ndiyo modeli ninayoiona imesimama vizuri kati ya kasi na usahihi, na mwenye kazi ya Kiingereza anaweza kuishia hapa bila majuto. Kwa Kiswahili modeli ya asili bado ni dhaifu: ilinipunguzia nusu saa tu ya kazi.

Habari inabadilika unapochukua small iliyofunzwa tena kwa Kiswahili. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili zilizosomwa na watu wa kujitolea, na wapo waliozitumia kuifunza small upya na kuziweka modeli hizo wazi kwenye tovuti ya Hugging Face. Modeli ya namna hiyo hubadilishwa iingie kwenye `whisper.cpp` kwa hati ya `convert-h5-to-ggml.py` iliyomo ndani ya programu yenyewe. Kasi haibadiliki hata kidogo, kwa sababu ukubwa ni ule ule. Kinachobadilika ni kile inachokijua. Usahihishaji wangu ulishuka hadi saa mbili na robo.

Lakini izingatie mipaka yake, kwa kuwa inatokana moja kwa moja na sauti ilizofunzwa nazo. Sentensi za Common Voice ni za kusomwa, kwa hiyo modeli hii huandika vizuri mtu anapozungumza kwa utulivu na huyumba anapokatiza sentensi, kucheka au kuingiliwa na mwenzake. Mkulima aliposema "ile system ya mnada" neno la Kiingereza liliandikwa kwa herufi za Kiswahili zisizoeleweka, maana mafunzo ya pili yalikuwa yameifuta sehemu ya Kiingereza chake. Alama za muda nazo hazikuaminika: mistari ya faili la manukuu, `.srt`, ilitangulia sauti kwa sekunde kadhaa. Nyingi ya modeli hizi hufunzwa bila alama za muda, kwa hiyo anayetengeneza manukuu ya video aipime hiyo kwanza kabla ya kitu kingine.

Turbo

Jina lake kamili ni `large-v3-turbo`, ina vigezo milioni 809, na ilitolewa mwaka 2024. Ninaipa nafasi zaidi kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Maelezo yake rasmi yanasema ni mara nane ya kasi ya large, na watu huipakua wakitarajia hivyo hivyo kwenye kompyuta zao. Kipimo hicho kilifanywa kwa kadi ya A100, mashine ya kituo cha data, tena kwa sauti ya Kiingereza. Kwenye prosesa ya kawaida mambo ni tofauti.

Walichofanya wabunifu wake ni kupunguza sehemu ya kuandika kutoka tabaka 32 hadi 4, na kuiacha sehemu ya kusikiliza ikiwa nzima na tabaka zake 32. Kadi kubwa humeza kazi ya kusikiliza kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kwake mzigo ulikuwa kwenye kuandika, na mzigo huo ndio uliopunguzwa. Prosesa yenye viini vinne ina shida iliyo kinyume: fungu moja la sekunde 30 linaichukua karibu nusu dakika kusikiliza tu, kisha kuandika kunaongeza sekunde chache. Mahojiano ya dakika 40 yalimalizika kwa dakika 44. Medium, modeli nyingine ya Whisper ambayo ni ndogo kidogo kwa vigezo, ilichukua muda unaokaribiana na huo na ikakosea zaidi, na ndiyo sababu sikuipa sehemu yake hapa. Yenyewe husikiliza kwa wepesi, lakini sehemu yake ya kuandika ina tabaka 24, na vipande vingi vya Kiswahili vinaipotezea faida yote.

Nilitumia toleo lililobanwa, `large-v3-turbo-q5_0`, ambalo faili lake ni MB 547 badala ya GB 1.5. Kubana kunamaanisha kwamba namba zilizomo ndani ya modeli zinahifadhiwa kwa usahihi mdogo zaidi. Katika kipande nilichohesabu neno kwa neno sikuona tofauti ya makosa iliyostahili kunisumbua, na RAM iliyobaki iliniwezesha kuendelea kuandika barua wakati mashine inafanya kazi.

Usahihishaji ulichukua saa mbili. Makosa yaliyobaki ni machache, lakini ni laini: maneno halisi ya Kiswahili, yamekaa vizuri katika sentensi, ila si yale yaliyosemwa. Lile "tukalipwa" lilitoka hapa. Jicho linalosoma haraka hulipita. Anayeitumia turbo hana budi kusikiliza sauti yote anaposahihisha, hasa kila penye kitenzi cha kukanusha, tarakimu na jina la mtu.

Inamfaa mwenye rekodi za Kiswahili zilizochanganyika na Kiingereza, kama zilivyo rekodi nyingi za ofisini, na anayeweza kuiacha mashine ikafanya kazi kwa muda unaolingana na urefu wa sauti. Haimfai anayesema ili maneno yatokee papo hapo, kwa kuwa sentensi ya sekunde tatu itamsubirisha karibu nusu dakika. Haimfai pia anayetaka kutafsiri kwenda Kiingereza, kwani haikufunzwa kazi hiyo.

Large-v3

Hii ina vigezo bilioni 1.55 na ilitoka Novemba 2023. Ikiwa haijabanwa inahitaji karibu GB 4 za RAM, jambo linalowezekana kwa shida kwenye kompyuta ya GB 8 yenye kivinjari kilichofunguliwa. Iliyobanwa, `large-v3-q5_0`, faili lake ni GB 1.1 na hukaa bila matatizo. Sehemu zote mbili ni nzito hapa, kwa hiyo mahojiano yalichukua zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Usahihishaji ulishuka hadi saa moja na dakika 40, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ni kusikiliza tu.

Udhaifu wake unajitokeza penye ukimya. Mkulima alipokwenda kutafuta risiti, zikabaki dakika mbili za kuku na upepo, na modeli ikazijaza kwa sentensi moja ya shukrani iliyorudiwa mstari baada ya mstari. Kosa hili linaweza kutokea kwa turbo pia. Kulitambua si vigumu ukifungua faili la `.srt`: utaona mistari inayofanana, kila mmoja ukiwa na urefu sawa wa muda. Baya zaidi ni kwamba marudio hayo yanaweza kumeza maneno ya kweli yanayofuata ukimya, kwa sababu modeli huendelea kusoma ilichokwisha kuandika. Chaguo la `-mc 0` huikataza kubeba maandishi ya nyuma, na mara nyingi hilo linatosha kuukata mnyororo. Gharama yake ni kwamba tahajia ya jina moja inaweza kubadilika kutoka fungu hadi fungu.

Inamfaa mwenye rekodi nyingi na siku za kutosha, na yule ambaye kila neno lake litanukuliwa.

Jinsi ya kupima kwenye kompyuta yako

Namba zangu ni za mashine moja na rekodi moja, kwa hiyo usizichukue kama zako. Kata dakika tano katikati ya rekodi yako halisi, si mwanzoni ambapo watu wanasalimiana kwa utulivu, kisha uziendeshe kwa kila modeli unayoifikiria:

```
ffmpeg -ss 00:12:00 -t 300 -i korosho.m4a -ar 16000 -ac 1 -c:a pcm_s16le kipande.wav
./build/bin/whisper-cli -m models/ggml-large-v3-turbo-q5_0.bin -l sw -t 4 -f kipande.wav -osrt
```

Usiliache chaguo la `-l sw`. Bila hilo programu huchukulia kwamba sauti ni ya Kiingereza, na utapata Kiingereza kinachosomeka vizuri ambacho ni tafsiri ya kubahatisha ya alichosema mtu. Namba inayofuata `-t` iwe ya viini halisi vya prosesa. Kuiongeza zaidi ya hapo mara nyingi hakuharakishi kitu. Usipime kwa sekunde 30 tu, maana kompyuta mpakato huanza kwa kasi ikiwa baridi na kujipunguza inapopata joto. Yangu hupoteza karibu robo ya kasi baada ya dakika chache, na hupoteza zaidi inapotegemea betri. Iweke juu ya meza ngumu na uichomeke kwenye umeme.

Kisha sahihisha hizo dakika tano ukiwa na saa mbele yako, uzidishe kwa urefu wa rekodi yote. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha.

Kwa hali yako

Ukiwa na mahojiano mamoja ya Kiswahili yanayotakiwa leo jioni, jumlisha muda wa mashine na wako kwa pamoja. Kwa rekodi yangu small iliyofunzwa tena inatoa saa mbili na nusu hivi, turbo saa mbili na dakika 44, na large-v3 zaidi ya saa tatu. Small inatangulia, mradi mzungumzaji awe mtulivu na asichanganye lugha. Akichanganya, chukua turbo, kwani dakika 14 za ziada utazirudisha katika kusahihisha maneno ya Kiingereza.

Ukiwa na mahojiano 20 kama hayo na wiki mbili mbele yako, hesabu inageuka, kwa kuwa mashine hufanya kazi usiku na muda wake haukugharimu kitu zaidi ya umeme. Large-v3 itahitaji kama saa 31, yaani usiku nne za saa nane, na itakuokolea takriban saa saba za kusahihisha ukilinganisha na turbo, au karibu 12 ukilinganisha na small. Hapo sioni sababu ya kuharakisha. Ila pale ambapo umeme hukatika usiku, endesha faili moja moja badala ya kuyaunganisha, kwa sababu maandishi ya `.srt` huhifadhiwa faili linapokamilika, na kukatika katikati ya sauti ya saa tatu kunakurudisha mwanzo.

Ukiwa na RAM ya GB 4 tu, turbo na large-v3 zilizobanwa zinaweza kuingia, lakini funga kivinjari na utazame kama diski imeanza kufanya kazi mfululizo. Ikianza, mashine inahamisha modeli kwenda diskini na kuirudisha, na dakika 44 zitageuka saa nyingi. Rudi kwenye small. Ukitaka kuzungumza na kuona maneno papo hapo kwa Kiingereza, base au small zitakutosha. Kwa Kiswahili papo hapo, jaribu small iliyofunzwa tena na ukubali kusubiri sekunde kadhaa baada ya kila sentensi.

Na kama rekodi yako itatumika mahali penye fedha au haki ya mtu, chagua modeli yoyote kati ya hizo mbili kubwa, kisha weka orodha ya vitenzi vyote vinavyoanza na "hatu-", "hawa-", "hai-" na "si-", pamoja na vile vyenye "-ka-", na urudi kusikiliza kila kimoja kwenye sauti kabla ya kuyatoa maandishi mkononi mwako.